Barua kwa mwanangu fundi wa bloa: naomba mnisomee kabla sijaituma

#1 MzeeWaMtama

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mtama, Lindi. Mwanangu ana digrii ya uhandisi wa mafuta na gesi, lakini leo anatengeneza bloa za kupulizia mikorosho hapo Nanganga. Kwa miaka mitatu nilimpinga. Sasa nimebadilika, na nimemwandikia barua kumweleza kwa nini. Swali langu ni moja: je, sababu ninazotoa zinasimama, au najifariji tu? Barua yenyewe hii hapa.

*Mwanangu,*

*Nakuandikia kwa sababu mdomo umenishinda. Tangu urudi kutoka Dar mwaka 2021, siku tulizokaa pamoja naweza kuzihesabu, na nyingi zilikuwa za msiba au Idi. Ukimya huo niliuanzisha mimi, kwa hiyo ni haki niuvunje mimi.*

*Nianze na mwaka 2013. Ulikuwa kidato cha tano, na kusini yote ilikuwa inazungumza gesi. Januari watu wa Mtwara waliandamana kulikataa bomba, Mei ghasia zikarudi, na sisi huku tukawa tumeganda kwenye redio. Viwanja vilipanda bei, kila mtu akasema Mtwara kuchele. Mimi sikuandamana. Nilipiga hesabu yangu kimya kimya: kama gesi inakwenda Dar, basi mwanangu ataifuata huko huko akiwa injinia. Mwaka uliofuata nilikaa kando yako ukijaza maombi ya chuo, na kozi nilikutajia mimi. Hukupinga. Nikadhani kutopinga ni kukubali.*

*Nikauza shamba la bondeni lenye mikorosho 42. Hilo unalijua, kwa sababu nimelitaja kila tulipogombana. Sitalitaja tena baada ya barua hii.*

*Kila likizo nilikuwa nakukuta kwenye kibanda cha fundi pale njia panda, mikono imejaa oili. Siku moja nilikwambia mbele ya watu kwamba sikukupeleka chuo ukapake grisi. Uliosha mikono, ukanifuata nyumbani, hukusema neno. Ulipomaliza 2018 kazi za gesi hazikuja kama tulivyoahidiwa. Ulipopata ile ya ofisi Dar nilichinja mbuzi. Baada ya miezi mitano ukarudi na begi moja, na mimi nikakwambia umenivua nguo.*

*Sasa nikueleze kilichotokea Juni mwaka jana, maana nadhani wewe unakijua nusu tu.*

*Bloa yangu ilikwama pistoni mwanzo wa msimu. Sikuileta kwako. Niliipeleka kwa fundi mwingine, akaweka pistoni na ringi mpya. Nikapulizia salfa asubuhi nne, ikakwama tena. Nikaipeleka kwa mwingine, naye akaweka pistoni mpya, akanikaripia kwamba sichanganyi oili. Nilikuwa nachanganya, mililita 200 kwenye lita 5 za petroli, kwa kipimo cha chupa ya dawa. Ikafa mara ya tatu. Maua ya mikorosho yalikuwa yanafunguka na ubwiriunga ulishaanza kuyapaka weupe. Ndipo nikampa kijana wa jirani ailete kwako, nikamkataza asiseme ni ya nani. Lakini mashine ile uliijua tangu una miaka kumi.*

*Kijana alikaa hapo kutwa nzima, na jioni alinisimulia yote. Alisema hukugusa pistoni kwanza. Ulimuuliza: kabla haijafa, ukiachia mafuta mlio ulikuwa unashuka au unabaki juu? Akakumbuka kwamba ulikuwa unabaki juu. Ukatoa plagi, ukaigeuza kwenye jua, ukamwonyesha kichwa chake kilikuwa cheupe badala ya rangi ya kahawia. Ulipokwisha kuifungua na kuweka pistoni, hukuiwasha. Ulikata mpira wa tairi, ukaziba njia ya kabureta na njia ya eksozi. Ukaishusha pistoni mpaka chini, ukaunganisha pampu ya baiskeli kwenye tundu la plagi, ukapuliza kidogo, ukapaka maji ya sabuni kila penye kiungo. Povu likatoka nyuma ya feni, kwenye sili ya krenki.*

*Sili ile ilikuwa imekauka mdomo. Mashine ilikuwa inavuta hewa pale. Na kwa kuwa injini ile hupata oili yake ndani ya petroli, hewa ikizidi petroli inapungua, na petroli ikipungua oili nayo imepungua, hata kama mimi nimechanganya sawasawa. Pistoni mbili nilizonunua zilikufa kwa kitu cha shilingi elfu chache. Ulirudisha mashine na sili ya zamani imefungwa kwenye karatasi ya daftari, umeandika: "Aliyechanganya oili hakukosea."*

*Mwanangu, karatasi hiyo ninayo. Mafundi wawili walinirudishia mashine inayowaka. Wewe ndiye uliyeuliza kwa nini pistoni imekufa. Nimefundisha darasa la nne kwa miaka 31. Namjua mtoto anayetafuta jibu na namjua anayetafuta kosa lilipoanzia. Wa pili ni wachache, na huwezi kuwafundisha. Nilikuwa naye nyumbani, nikamkalisha mezani Dar kuingiza namba za vipuri kwenye kompyuta.*

*Kwa hiyo siiungi mkono kazi yako kwa sababu unaipenda. Kupenda hata mpira watu wanapenda. Naiunga mkono kwa sababu nimeona kwamba kazi hii inatumia kile ulicho nacho, na ile niliyokuchagulia, kama ulivyoipata, haikukitumia. Tena nimeona unavyochukua kosa. Septemba ulipofunga vibaya kabureta ya mtu wa Nyangao, ulipanda boda kumfuata shambani kabla hajalalamika. Kule Dar, mama yako aliniambia juzi tu, ulikuwa hulali.*

*Sikupi ruhusa, kwa maana hukuniomba. Nakuomba wewe. Kile kipande cha uwanja kinachotazama barabara, chini ya mwembe, kipo wazi. Ukitaka kuweka meza ya kazi hapo, weka. Usipotaka, nitaleta mashine Nanganga kama wateja wengine, na nitalipa kama wao.*

*Baba yako.*

#2 Kuchele

Mzee shikamoo. Barua nzuri, ila nikuambie ukweli kama mtu wa rika la mwanao. Mimi nami nilisoma kozi ya namna hiyo hiyo, mwaka huo huo, kwa sababu hiyo hiyo. Darasani kwetu tuliotoka Lindi na Mtwara tulikuwa wengi, kila mmoja na baba yake aliyesikiliza redio. Leo wengi wetu hatufanyi kazi ya gesi. Kwa hiyo usimbebeshe mwanao hadithi ya kipaji. Ajira hazikuja, kijana akatafuta pa kushika. Mradi wa gesi kimiminika pale Likong'o ungeanza wakati ule tulipotegemea, leo ungekuwa unaandika barua nyingine kabisa.

#3 BintiMikindani

#2 unasema sehemu tu. Mzee kaandika kwamba kijana alipata kazi ya ofisi Dar, yenye mshahara, akaiacha. Mtu aliyekosa ajira haachi ajira. Soma vizuri.

#4 Kuchele

Nimesoma. Kuingiza namba za vipuri kwenye kompyuta si uhandisi wa gesi. Aliacha kazi mbovu, hakuacha gesi. Hatujui angefanyaje kama angepelekwa Madimba kwenye mitambo yenyewe. Huenda angekuwa anatafuta povu la sabuni kwenye mabomba makubwa, kwa kipaji hicho hicho.

#5 FundiPlagi_Masasi

Mzee, marahaba kwa niaba ya mafundi wote, maana umetuheshimu. Mimi niko kwenye bloa na misumeno ya petroli mwaka wa kumi na saba. Alichofanya kijana wako ni sahihi, na nathibitisha ni wachache wanaofanya. Juni foleni ya mashine inafika barabarani, mteja kasimama juu ya kichwa chako anasema maua yanaungua. Unaweka pistoni, inawaka, anaondoka. Ikirudi unasema oili. Mteja hana ushahidi.

Niongeze hapo penye rangi ya plagi. Plagi nyeupe peke yake haitoshi kusema sili. Kabureta iliyoziba nayo inaleta weupe huo huo, kwa sababu petroli haiji ya kutosha. Ndiyo maana kijana aliuliza kwanza habari ya mlio kubaki juu. Kabureta ikiziba, mara nyingi mashine inakosa nguvu ukiikandamiza. Ikivuta hewa, inapiga kelele yenyewe na ukiachia haitulii. Alikuwa na dalili mbili kabla ya kushika pampu.

#6 KoroshoMbichi

Mimi kwangu suala ni rahisi. Pistoni ikikwama, ongeza oili. Mimi nachanganya mililita 300 kwenye lita 5 na sijawahi kupata tatizo. Hao mafundi wawili hawakukosea sana.

#7 FundiPlagi_Masasi

#6 ndugu yangu, unapata moshi mwingi na eksozi inajaa masizi, ipo siku utaniletea ukisema mashine haivuti. Na kuna jambo watu hawalifikirii. Tundu la kabureta ni lile lile. Ukizidisha oili, kinachopita humo kina petroli pungufu, kwa hiyo moto unazidi kuwa mkavu badala ya kupoa. Kwa mashine inayovuta hewa, oili ya ziada inachelewesha tu msiba. Fuata kilichoandikwa na mtengenezaji. Bloa nyingi za huku ni 1 kwa 25, yaani kama alivyofanya Mzee. Na iwe oili iliyoandikwa 2T, siyo ile mnayomwaga kutoka kwenye magari.

#8 KoroshoMbichi

Sawa fundi, nimekusikia. Lakini mashine yangu ina misimu sita.

#9 FundiPlagi_Masasi

Na babu yangu alivuta tumbaku mpaka miaka tisini.

#10 MamaWawili

Hamjambo. Nina kijana kamaliza kidato cha nne, matokeo si mabaya, ila hataki kuendelea, anataka ufundi. Mimi na baba yake tumegombana. Kati ya VETA ya Lindi na ya Mtwara nimpeleke ipi? Samahani kama naingilia uzi.

#11 Nangurukuru

Mama, uzi ni wa barua, lakini karibu. Kabla ya kuchagua chuo, mpeleke akakae gereji mwezi mmoja kipindi cha Juni. Akirudi bado anataka, ndipo mzungumze na baba yake. Wengi wanapenda picha ya ufundi. Kuna kupenda kuendesha pikipiki na kuna kupenda kuilaza chini na kuihangaikia, na hayo mawili hayafanani.

#12 MzeeWaMtama

Nashukuru wote. Ndugu #4, swali lako limeninyima usingizi kidogo. Ni kweli sijui angekuwaje Madimba. Nimeandika "ile niliyokuchagulia haikukitumia" na nikaongeza "kama ulivyoipata" kwa sababu hiyo hiyo. Lakini likizo zile za chuo, kabla hajajua kama kuna ajira au hakuna, alikuwa kibandani. Hilo nalijibuje?

#13 Kuchele

Labda alikuwa anatafuta hela ya matumizi, Mzee. Bumu la mkopo tunalijua sisi tuliokula.

#14 MtuWaFeri

Mimi niko Mtwara mjini, nashughulika na mashine za boti. Naomba niseme kuhusu pesa, kwa sababu barua yote haina shilingi hata moja ya kipato cha kijana, na hilo ni pengo. Mzee, umesema kazi inamfaa. Je, inamlisha Machi?

Kazi ya bloa ina miezi yake. Mei mashine zinatolewa stoo, haziwaki, kwa sababu mwaka jana mtu aliiweka na petroli ndani na imegeuka gundi kwenye kabureta. Hapo fundi anakula. Juni mpaka Agosti ni kupulizia, fundi anakula zaidi, lakini nusu ya wateja wanasema nitakulipa mnada ukianza. Kwa hiyo pesa halisi anaiona Oktoba au Novemba, korosho zikiuzwa, na vipuri alishavinunua kwa mfuko wake Juni. Halafu Februari mpaka Aprili kimya. Nimeona mafundi wazuri kabisa wakiuza spana zao Machi.

Kama kijana anajua kutafuta hewa kwenye injini ya mipigo miwili, aje pwani miezi hiyo. Mashine nyingi za wavuvi ni injini ya ukoo huo huo, ila kubwa na inapozwa kwa maji. Pampu ya maji ikifa inapika pistoni vile vile.

#15 MzeeWaMtama

Umesema kweli. Pesa yake siijui kwa sababu sijawahi kumuuliza. Nilikuwa namuuliza lini anarudi Dar. Mama yake anasema Machi anatengeneza pikipiki na mashine za kusaga, na mwaka jana alikopa ili alipe kodi ya fremu. Nilipouliza jana kwa nini hakuniambia, mama yake aliniangalia tu.

#16 Mwanafunzi_Wako_Zamani

Shikamoo mwalimu. Nadhani ulinifundisha, sitasema mwaka. Ulitupanga mstari kwa alama, wa kwanza dirishani, wa mwisho karibu na mlango. Mimi nilikuwa mlangoni. Leo ni fundi uashi, nimejenga nyumba nyingi hapo Mtama, na moja unaipita kila siku ukienda msikitini. Nasema hivi bila kinyongo: umesema huyo mtoto anayetafuta kosa lilipoanzia unamjua. Darasani kwetu ulikuwa unampa nafasi gani?

#17 MzeeWaMtama

Marahaba mwanangu. Nilikuwa nampa nafasi ya mlangoni, kwa sababu alikuwa anachelewa kumaliza hesabu. Sikuwa nauliza kwa nini amechelewa. Nisamehe. Ukipita hapa, ingia.

#18 BintiMikindani

Jamani #16 na #17 mmeniliza kazini.

Mzee, mimi ni mtoto wa kike niliyeandikiwa ujumbe na baba baada ya ugomvi wa namna hii. Nilitaka ualimu wa awali, yeye alitaka uhasibu. Nikupe la msomaji. Barua yako inakaa muda mrefu kwenye kile kilichokubadilisha wewe. Pistoni, sili, povu, hayo anayajua, yeye ndiye aliyeyafanya. Asichokijua ni siku uliyosema maneno ya grisi mbele ya watu, wewe ulijisikiaje usiku wake. Hapo umeandika mstari mmoja ukakimbia.

#19 FundiPlagi_Masasi

Nakataa kidogo, dada. Fundi akisoma kwamba baba yake ameielewa kazi mpaka kwenye mdomo wa sili, hilo ni kubwa kuliko pole. Baba yangu alifariki anaamini nauza plagi. Mzee, usifute pistoni hata moja.

#20 Nangurukuru

Kuna maelezo mengine hakuna aliyeyataja, na Mzee asinielewe vibaya. Umestaafu. Mikorosho imebaki, nguvu zimepungua, bloa ina uzito mgongoni ikiwa imejaa salfa. Mtoto akikaa Nanganga ni karibu, Dar ni mbali. Baba zetu wengi hupenda kazi za watoto zinazowaweka karibu, halafu huita hilo kumfaa mtoto. Na ule uwanja chini ya mwembe uko hatua ngapi kutoka kwenye baraza yako?

#21 Kuchele

#20 amegonga penyewe.

#22 MzeeWaMtama

Hatua 30, labda 35. Sikatai kwamba namtaka karibu. Lakini alipokuwa karibu miaka yote hiyo sikumtaka akiwa na grisi. Kwa hiyo karibu peke yake hakukunibadilisha. Nitafikiri kama mwembe uingie kwenye barua au usubiri.

#23 MtuWaFeri

Usubiri. Nanganga ni njia panda ya Ruangwa, magari ya Masasi na Lindi yote yanapita, na wateja wake wanamjua pale. Ukimvuta Mtama unampunguzia kazi ili wewe upate kusikia mlio. Biashara ya fundi iko pale watu wanaposhuka na mzigo mkononi.

#24 BintiMikindani

Naafiki. Ukiweka mwembe, barua inakuwa na ombi ndani yake, na yeye atatafuta mtego.

#25 KoroshoMbichi

Mnamwonea Mzee. Baba kumpa mtoto uwanja ni mtego lini? Kwetu Newala ukipewa kiwanja unasema asante, barua unasoma baadaye.

Halafu naomba kuuliza kitu kingine, hiyo salfa mnapulizia saa ngapi? Mimi naanza saa tatu na naona inaruka tu kwa jirani.

#26 FundiPlagi_Masasi

Saa tatu umechelewa, upepo umeshaamka. Anza kukiwa na umande, alfajiri, unga unashika kwenye maua. Na vaa kitambaa puani na miwani, usiwashe sigara karibu. Salfa ya unga inashika moto. Rudini kwenye barua.

#27 Mhasibu_Mstaarabu

Nimechelewa uzi. Kuna jambo la digrii. Wote mnaongea kama vile chuo kilikuwa hasara. Mimi nadhani ile njia ya kuziba kabureta na eksozi, kushusha pistoni chini ili hewa ya pampu ipite mpaka kwenye krenki, ni mtu aliyesoma mgandamizo wa gesi. Mzee, mikorosho 42 haikupotea. Mwambie hivyo kwenye barua, itampoza.

#28 FundiPlagi_Masasi

Mimi nilifundishwa jambo hilo hilo na fundi wa misumeno aliyeishia darasa la saba. Alikuwa anatumia mdomo badala ya pampu, na mate badala ya sabuni. Chuo hakikatazi, ila usikipe sifa isiyo yake.

#29 Mhasibu_Mstaarabu

Wewe ulifundishwa, fundi. Yeye huenda alilitoa kichwani. Kuna tofauti.

#30 Kuchele

Mwulizeni mwenyewe. Na Mzee, tafadhali usimwandikie kwamba mikorosho haikupotea. Ulishaahidi hutaitaja tena. Mtu akikuambia hasara yake haikuwa hasara, bado anakukumbusha hasara.

Jambo moja la maana zaidi: kuna deni la bodi ya mikopo. Kama alikopa, deni linamfuata hata akiwa chini ya turubai, na kwa mtu asiye na mwajiri hakuna anayemkata, anatakiwa kwenda kulipa mwenyewe. Wengi wetu tunalikimbia mpaka linakuwa kubwa. Kama unataka kumsaidia, hapo pana uzito kuliko uwanja.

#31 Nangurukuru

Na cheti. VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, unafanyiwa tathmini, unapewa cheti cha fani. Bila cheti, zabuni ya kutengeneza mashine za chama cha ushirika hutaipata hata kama unatafuta hewa kwa pua.

Mama #10, hilo linakuhusu pia, kama kijana ataanzia gereji.

#32 MamaWawili

Asanteni. Nimemwonyesha baba yake uzi huu. Amesoma barua mara mbili, akatoka nje bila kusema kitu. Sijui ni dalili gani.

#33 MzeeWaMtama

Wanajukwaa, nimeiandika upya usiku. Nimeondoa mwembe. Pistoni zimebaki, dada #18 unisamehe, lakini nimeongeza ukurasa kuhusu ile siku ya grisi. Usiku ule nilisikia maji yakimwagika uani mpaka saa tano, alikuwa anasugua kucha. Sikutoka. Hilo nimeliandika kama lilivyokuwa. Kuhusu kwa nini nimebadilika, nimeandika kile nilichokiona mimi, na nikaongeza kwamba wapo wanaosema ni gesi iliyochelewa, na wapo wanaosema ni uzee wangu, na kwamba sina namna ya kuwakanusha wote. Nimemuuliza deni na kodi ya fremu ni kiasi gani. Nimempa dereva wa boda bahasha leo asubuhi, pamoja na bloa, maana msimu unakaribia na kamba ya kuwashia imekwisha.

#34 BintiMikindani

Tunasubiri. Mungu ajalie.

#35 KoroshoMbichi

Mzee umetuma barua ya miaka kumi pamoja na kamba ya bloa. Hapo ndipo najua wewe ni mwalimu.

#36 MzeeWaMtama

Siku ya tano leo. Jana Ijumaa alikuja mwenyewe baada ya swala, bloa kaifunga nyuma ya pikipiki. Mama yake alikuwa amepika ming'oko. Tukala. Hakuitaja barua, na mimi sikuuliza. Kamba ni mpya, na filta ya hewa ameiosha, alisema ilikuwa imejaa salfa ya mwaka jana. Nilipotoa pesa alihesabu, akarudisha shilingi elfu moja ya chenji. Kisha akakaa barazani mpaka magharibi, akinieleza habari ya mtu wa Ruangwa aliyeleta mashine tatu zenye ugonjwa mmoja. Hajawahi kunieleza habari ya kazi yake tangu azaliwe.

#37 Kuchele

Kwa hiyo kasoma au hakusoma?

#38 BintiMikindani

Wewe Kuchele! Kachukua pesa na karudisha chenji. Mzee aliandika atalipa kama wateja wengine.

#39 Kuchele

Au ni fundi mwaminifu tu. Sibishani, nauliza.

#40 FundiPlagi_Masasi

Mzee, mashine tatu zenye ugonjwa mmoja ni ugonjwa gani? Nami nimeletewa mbili wiki hii kutoka upande huo, zinawaka, zikipata moto zinazima, na sili ni nzima, nimezipima kwa pampu. Nashuku petroli waliyouziwa. Mwulize ameona nini, au nipe njia ya kumfikia, nimpigie.

#41 MzeeWaMtama

Nimemwonyesha swali lako. Amesema fungua kifuniko cha tenki mara tu zinapozima, usikilize kama tenki linavuta pumzi. Anasema tundu dogo la hewa kwenye kifuniko huzibwa na salfa, petroli ikashindwa kushuka. Mbili kati ya tatu zilikuwa hivyo. Ya tatu hajaijua bado, ameilaza mezani.